Kitambuzi cha joto: jikoni, garaji na karakana za Shituru

Shituru ni komini ya Likasi iliyokua kando ya kiwanda cha shaba kilichoanza kazi mwaka 1929, enzi za Union Minière, kisha kikawa cha Gécamines. Watu hapa wamezoea hewa yenye kitu ndani yake. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hainyeshi, na vumbi jekundu la barabarani huingia kwenye kila tundu. Nyuma ya nyumba nyingi kuna kibanda cha mabati: seremala anakata mbao, fundi wa pikipiki anawasha injini, mchomeleaji anaunga mageti. Jikoni, siku SNEL inapokata umeme, mbabula huwashwa na makala, na siku umeme unaporudi mafuta hukaangwa kwenye jiko la umeme. Moshi, mvuke, vumbi na hewa ya injini ni mambo ya kila siku, wala hakuna moto wowote wa hatari.

Kitambuzi cha moshi hakiwezi kujua hayo. Kikifungwa jikoni au karakanani kitalia, kitalia tena, na wiki ya tatu mtu atapanda kiti na kutoa betri. Mwongozo huu unahusu kifaa kingine, kitambuzi cha joto: wapi pa kukifunga, cha aina gani, kwa nini hakifai kila mahali, na jinsi ya kukipanga katika kiwanja kimoja chenye nyumba na karakana.

Kwa nini cha moshi hulia bila moto

Ndani ya kitambuzi cha moshi kuna kijumba kidogo chenye giza ambamo hewa ya chumbani hupita. Katika aina moja, taa ndogo humulika upande mmoja na jicho la umeme hukaa pembeni, mahali mwanga haufiki. Chembe zikiingia, mwanga huzigonga na kutawanyika, jicho huuona, na king'ora hulia. Katika aina ya pili kuna punje ya madini yenye mnururisho, amerisiamu, inayofanya mkondo mdogo wa umeme upite hewani. Chembe zikiingia, mkondo hupungua, na king'ora hulia. Aina zote mbili hupima jambo lile lile: kuna chembe hewani au hakuna. Chembe za unga wa mbao, matone madogo ya mafuta ya kukaangia, mvuke wa bukari inayosongwa, vumbi la barabarani, hata buibui aliyejenga ndani, vyote kwake ni moshi.

Aina ya pili ndiyo yenye usumbufu zaidi jikoni, kwa sababu inazinusa hasa chembe ndogo sana, na mafuta yaliyopata moto hutoa chembe za namna hiyo kabla macho yako hayajaona kitu. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Alaska na kuchapishwa mwaka 2000 ulilinganisha aina hizi mbili katika nyumba za watu. Kengele za bure zilisikika katika nyumba 92 kati ya kila 100 zilizofungiwa aina ya amerisiamu, na 11 kati ya kila 100 zilizofungiwa aina ya mwanga. Baada ya miezi sita, karibu moja kati ya tano za aina ya amerisiamu ilikuwa imezimwa na wenye nyumba. Alaska ni baridi na Katanga ni joto, lakini anayepika karibu na kitambuzi hufanya jambo moja popote alipo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haigharimu kitu: usikifunge cha moshi karibu na jiko. Kanuni za Marekani zinataka kiwe angalau mita 3 kutoka jiko. Katika nyumba za kambi, ambako mlango wa jiko hufunguka moja kwa moja kwenye korido fupi, mita 3 ni nyingi, lakini mara nyingi zinapatikana ukisogeza kifaa mpaka karibu na milango ya vyumba vya kulala. Na hapo ndipo panapotakiwa. Kwa korido nunua aina ya mwanga.

Cha joto hufanya nini

Kitambuzi cha joto hakijali chembe. Kina tone dogo la kupima joto, ambalo kwa kawaida utaliona kwa macho likiwa limejitokeza chini, ndani ya kizimba cha plastiki, ili hewa ilipitie kwa urahisi. Hii pia ndiyo njia ya kukitofautisha dukani pale maandishi ya boksi yanapokuchanganya: cha moshi kina matundu membamba na wavu wa kuzuia wadudu, na hutaona kitu ndani, cha joto kina tone lililo wazi.

Kuna namna mbili za kukifanya kilie. Ya kwanza ni kiwango maalumu: joto likifika kiwango fulani, mara nyingi karibu nyuzijoto 58, king'ora hulia. Ya pili ni mwendo wa kupanda: hata kama joto halijafika huko, likipanda kwa kasi, karibu nyuzi 8 kwa dakika kwa vifaa vingi, king'ora hulia. Vingi hubeba namna zote mbili.

Kwa jiko, mimi ningechagua cha kiwango maalumu peke yake. Ukifungua mlango wa tanuri, au ukifunua sufuria kubwa ya sombe iliyochemka saa nzima, wimbi la hewa moto hupanda darini ghafla, na kile cha mwendo kinaweza kulichukulia kuwa moto. Mchomeleaji anayefanya kazi chini ya bati la chini atapata shida hiyo hiyo. Cha mwendo kinafaa garaji ya gari au stoo, ambako hakuna chanzo cha joto cha ghafla. Huko kina faida ya kweli asubuhi za Juni na Julai, wakati Likasi ina baridi: moto ukianza chumba kikiwa na nyuzi 10, cha kiwango maalumu hungoja hewa ipande karibu nyuzi 50 zaidi, lakini cha mwendo huuona mapema.

Ukitazama vifaa vilivyotengenezwa kwa kanuni za Ulaya, yaani EN 54-5, utaona herufi na namba zinazokusaidia. A1 hulia kati ya nyuzi 54 na 65, na imekusudiwa mahali ambapo joto la kawaida halipiti 50. A2 ni ya mahali pa namna hiyo hiyo, lakini inaweza kungoja hadi 70. B hulia kati ya 69 na 85, kwa mahali panapoweza kufika 65. Herufi S ikifuata, maana yake hakitalia chini ya kiwango chake hata joto lipande kwa kasi namna gani. Herufi R ikifuata, kinaangalia pia mwendo wa kupanda.

Mabati ya Oktoba

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa hili huleta tena kengele za bure ambazo walizikimbia. Ndani ya nyumba yenye dari ya mbao au triplai, A1 inatosha. Lakini kibanda cha mabati kisicho na dari ni jambo jingine. Mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, kabla mvua haijaanza, jua hupiga bati tangu asubuhi, na hewa moto hujikusanya chini yake bila pa kutokea. Mtu aliyesimama sakafuni huhisi joto la kawaida, ilhali sentimita chache chini ya bati hewa inaweza kukaribia au kupita nyuzi 50. A1 ikifungwa hapo inaweza kulia saa nane mchana kwa ajili ya jua tu.

Usikisie. Nunua kipimajoto cha bei ndogo, kile kinachokumbuka joto la juu kabisa, ukifunge kwa uzi pale unapotaka kuweka kitambuzi, na ukiache siku kadhaa za jua kali. Ukipima mwezi wa Julai hujapima kitu, kwa kuwa swali lako ni la Oktoba. Kama joto la juu kabisa linabaki chini ya 45, A1 au A2 itafaa. Kama linapita hapo, chukua B. Sababu ya kutokwenda mpaka ukingoni ni kwamba unahitaji nafasi ya kutosha kati ya siku ya joto kali na kiwango cha kulia.

Usikipigilie kitambuzi kwenye bati lenyewe. Bati la jua litapasha mwili wa kifaa kwa kugusana nalo, na utapima bati badala ya hewa. Funga kipande cha ubao kwenye mti wa paa, kisha kifaa kwenye ubao, tone likining'inia. Lakini usikishushe sana. Hewa ya moto hutambaa juu kabisa, kwa hiyo tone linatakiwa kuwa kati ya sentimita 2.5 na 15 chini ya paa. Ukilishusha nusu mita kwa kuogopa joto la jua, siku ya moto litachelewa mno. Kama nafasi hiyo ina joto mno kwa A1, dawa yake ni B, si kukishusha.

Kiwanja kimoja, hatua kwa hatua

Tuchukue kiwanja cha mfano, cha aina unayoweza kuikuta Shituru. Nyumba ina jiko la mita 3 kwa 3 lenye dari, korido ya mita 5, vyumba viwili vya kulala na sebule. Nyuma yake kuna karakana ya seremala ya mita 6 kwa 9, mabati mtupu, na kwenye kona yake pikipiki mbili na jenereta.

Jikoni: kitambuzi kimoja cha joto, A1 chenye S, katikati ya dari. Kama jiko la kupikia liko katikati ya chumba, kisogeze pembeni ili kisiwe juu ya sufuria, lakini kiwe angalau sentimita 30 kutoka ukutani na kutoka kwenye taa. Pembe ya dari ni mahali pabaya, kwa kuwa hewa moto huchelewa kufika huko.

Korido: cha moshi, aina ya mwanga, upande wa vyumba vya kulala. Usikiache kwa sababu tu umenunua cha jikoni. Viwili hivi viunganishwe, kwa waya au kwa redio, ili kimoja kikilia na kingine kilie. Hilo ndilo linalokifanya cha jikoni kiwe na maana usiku: mama aliyelala nyuma ya mlango uliofungwa hatasikia vizuri king'ora cha jikoni, lakini cha korido atakisikia. Vya redio vya viwanda viwili tofauti kwa kawaida havielewani, kwa hiyo nunua vya aina moja.

Karakana: hapa kuna hesabu kidogo. Kanuni za Uingereza zinasema hakuna sehemu ya chumba inayopaswa kuwa zaidi ya mita 5.3 kutoka kitambuzi cha joto. Kwa cha moshi ruhusa ni mita 7.5, kwa sababu moshi husafiri ukiwa bado unatambulika, ilhali joto hupotea njiani. Ukiweka kimoja katikati ya chumba cha mita 6 kwa 9, umbali hadi kwenye kona ni kama mita 5.4. Umekosa kwa kidogo tu, na fundi atakuambia kidogo hicho si kitu. Mimi nasema weka viwili. Ukivipanga kwenye mgongo wa paa, kila kimoja mita 2.25 kutoka ukuta wake wa mwisho, kona ya mbali huwa chini ya mita 4, na kila nusu mita unayopunguza ni muda unaookolewa. Kwa karakana hii, kama kipimajoto chako kimepita 45, chukua B chenye S. Usikiweke kimoja juu kabisa ya bomba la moshi la jenereta.

Umeme wa SNEL hautoshi kuvitegemeza peke yake. Kama vimeunganishwa na umeme wa nyumba, viwe na betri ya akiba, na betri hiyo ibadilishwe mara moja kwa mwaka au mara kifaa kinapoanza kutoa mlio mfupi kila baada ya muda. Kwa mpangaji, au kwa karakana isiyo na waya za kuaminika, vile vya betri ya lithiamu iliyozibwa ndani, ya miaka 10, vina matatizo machache zaidi.

Unachopoteza

Muuzaji atakuambia cha joto ni bora kwa sababu hakisumbui. Ni kweli hakisumbui, lakini unalipa kwa dakika. Godoro linalofuka, unga wa mbao uliodondokewa na cheche jioni, waya unaoungua polepole ukutani: hivi vyote vinaweza kutoa moshi kwa saa nyingi bila kuipasha hewa ya darini hata nyuzi 10. Cha joto kitakaa kimya wakati wote huo. Kitalia pale ndimi za moto zitakapotokea, na hata hapo tone huchelewa kidogo, kwa sababu lenyewe lazima lipate joto baada ya hewa.

Kwa hiyo cha joto hakimwokoi aliyelala chumba kimoja na moto. Moshi humlevya kabla joto halijafika darini. Kinachoweza kufanya ni kuwaamsha waliolala chumba kingine, au nyumba nyingine ya kiwanja. Kama kijana wa kazi au mlinzi hulala karakanani ili kulinda mashine, na hili ni jambo la kawaida, mpango wa hapo juu haumhusu. Mtengenezee chumba chenye ukuta, chenye mlango wake wa kutokea nje, na cha moshi ndani, au alale mahali pengine. Na kwa kuwa cha joto hakioni unga unaofuka, fagia unga wa mbao na uutoe nje kila jioni, na mchomeleaji akae nusu saa baada ya cheche ya mwisho akiangalia.

Jambo la pili hakilioni kabisa. Mbabula ikiingizwa ndani wakati wa mvua au usiku wa baridi, makala yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Kitambuzi cha joto hakiipimi, na cha moshi vilevile hakiipimi. Kipo kifaa chake tofauti, lakini hata ukiwa nacho, mbabula isilale na watu chumbani.

Kukijaribu na kukitunza

Kitufe cha majaribio hupima betri na king'ora. Hakikuambii kama tone linahisi. Mara moja au mbili kwa mwaka chukua mashine ya kukaushia nywele, ile ya saluni, ishike kama sentimita 20 kutoka kwenye tone, na ungoje. Kikilia, kiache kipoe. Usitumie njiti ya kiberiti wala kiberiti cha gesi: plastiki huyeyuka, na tone linaweza kuharibika bila wewe kujua. Na kabla ya kujaribu, soma karatasi yake, kwa sababu vipo vya zamani vyenye chuma laini kinachoyeyuka kwa joto. Hivyo hulia mara moja tu maishani, na ukivijaribu kwa joto umevimaliza.

Vumbi halikifanyi cha joto kilie bure, lakini likiganda kwenye tone huwa kama blanketi, na kifaa huchelewa. Karakanani lipanguse kwa brashi laini kavu kila mwezi wakati wa kiangazi. Rangi ni mbaya zaidi: ukipaka rangi kibanda, kifunike kwa mfuko na kumbuka kuutoa siku hiyo hiyo. Nyuma ya kila kifaa kuna tarehe ya kutengenezwa. Kwa vingi, baada ya miaka 10 hubadilishwa hata kama kitufe bado kinalia. Isome dukani kabla ya kulipa, kwa sababu kilichokaa ghalani miaka minne kimekubakishia sita.

Na kama pesa ya mwezi huu inatosha kifaa kimoja tu, nunua cha moshi, ukifunge koridoni mbali na jiko. Cha joto cha jikoni kifuate mwezi ujao, na vya karakana baada yake.